Ile meseji ya "GB 50 bure": tunavyodhani na ilivyo

Shikamooni wazee, na wengine habari zenu. Ile meseji ya "GB 50 bure kwa kila mteja, leo tu" imeingia humu mara tatu tangu jana, kila mara na mtu tofauti, na shangazi amenifuata pembeni kuniuliza kama ni kweli. Si kweli, shangazi. Ila sitaki mniamini kwa mdomo tu, maana kesho itakuja nyingine yenye pesa badala ya bando na mimi sitakuwa hewani. Naeleza nilivyoipima. Ni ndefu, isomeni mkitulia.

*Dhana: Jina la kampuni lipo kwenye linki, basi ni yao.*

Linki ilikuwa na umbo hili. Majina nimeyabadilisha ili mtu asije akaibonyeza kwa bahati mbaya:

```
https://kampuni.example.bando-bure.test/zawadi?gb=50
```

Tuseme tovuti halisi ya kampuni ni `kampuni.example`. Jicho likianzia kushoto linakutana na jina hilo mapema, linaridhika, na kidole kinabonyeza. Lakini anwani ya tovuti haisomwi hivyo. Ruka ile `https://`, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata (huu hapa: `/`), kisha rudi kushoto. Vipande viwili vilivyougusa mkwaju ndivyo vinavyomtaja mwenye tovuti. Hapa ni `bando-bure.test`. Vyote vilivyo kushoto kwake ni kama kibao cha mlango wa chumba: mwenye nyumba anaweza kuandika "Ofisi ya Rais" na asiombe ruhusa kwa mtu. Na kilicho baada ya mkwaju nacho anajiandikia mwenyewe.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Anwani nyingi huishia na "co" na herufi mbili za nchi. Hizo zihesabuni kuwa mkia mmoja, mchukue na kipande kinachozitangulia. Halafu kistari si nukta: `kampuni-zawadi.test` ni jina moja, na yeyote anaweza kulisajili likiwa halijachukuliwa. Linki ikiwa imefupishwa, mpaka hamwoni inakoelekea, hapo hakuna cha kusoma. Iacheni.

Mjomba aliuliza mbona chini ya linki ilitokea nembo ya kampuni. Picha hiyo na maneno yake WhatsApp inayachukua kwenye ukurasa wenyewe, kama mwenye ukurasa alivyoyapanga. Haijathibitisha kitu. Ni sawa na kufuli kwenye kivinjari: linasema mawasiliano kati yako na tovuti hayasomwi njiani, halisemi huyo unayewasiliana naye ni mtu mwema. Cheti cha kuweka kufuli hilo hupatikana bure, na matapeli wanavyo.

*Dhana: Watu wameshapata, someni maoni yao.*

Niliufungua ukurasa kwenye simu yangu kuukuu isiyo na laini wala akaunti yoyote. (Msiige hili kwenye simu mnazowekea pesa.) Chini kulikuwa na maoni kama ya Facebook, dada mmoja akishukuru "dakika 2 zilizopita". Nikarudi jioni. Dada yule yule, shukrani zile zile, bado dakika 2. Nikabonyeza jina lake, halikufunguka. Kitufe cha kujibu nacho hakijibu. Ni maandishi yamechapwa kwenye ukurasa. Hata "zawadi zilizobaki" zilikuwa 237 asubuhi, zikapungua mbele ya macho yangu hadi 229, nilipoufungua upya zikarudi 237.

Kisha ukaniomba namba ya simu. Nikaweka sufuri kumi. "Hongera! Namba yako imechaguliwa." Kampuni ya simu inawajua wateja wake, ingejua kwamba namba ya sufuri tupu haipo.

*Dhana: Lazima utume kwa watu 12 ndipo mfumo uthibitishe.*

Hapa ndipo naomba mkae kidogo, maana ndicho kinachoifikisha meseji kwetu. Baada ya "hongera" kilitokea kitufe cha kijani na mstari unaojaa: tuma kwa marafiki mpaka ufike asilimia 100. Nikakibonyeza, WhatsApp ikataka kufunguka, nikarudi nyuma bila kumtumia hata mtu mmoja. Mstari ukapanda. Nikarudia vile vile mpaka ukajaa, na sijatuma popote.

Sababu ni kwamba tovuti ya nje haioni mnayofanya ndani ya WhatsApp. Inachoweza ni kuifungua ikiwa na maneno yaliyokwisha andikwa. Ukituma au usitume, haina habari. Mstari unahesabu mlivyobonyeza kitufe, basi. Kwa hiyo hakuna anayethibitisha chochote. Sharti lipo ili ninyi muwe matarishi, kwani meseji inayotoka kwa shangazi inafunguliwa haraka kuliko ya mtu asiyejulikana. Mkiona ofa yoyote inadai isambazwe kwanza, mie ningeishia hapo hapo bila kupima kingine.

Na ile mishale miwili juu ya meseji, WhatsApp huiweka pale meseji inapofika kwenu baada ya kusambazwa mara tano au zaidi tangu kwa aliyeianzisha. Haina maana kuwa ni uongo, lakini aliyewaletea siye aliyeiandika, na huenda hamjui aliyeiandika.

*Dhana: Haiombi hela, kwa hiyo sipotezi kitu.*

Mstari ulipojaa nilitakiwa kupakua "programu ya kupokea zawadi", faili linaloishia na `.apk`, nje ya duka la programu la simu. Sikuendelea. Programu ya namna hiyo ikipewa ruhusa ya kusoma SMS, inaona pia zile namba za uthibitisho za benki. Kurasa nyingine hukwambia tarakimu 6 zitakuja kwa SMS, uzisome. Hizo mara nyingi ndizo za kuhamishia WhatsApp yako kwenye simu ya tapeli, na kesho ni "wewe" unayetuomba pesa humu.

*Basi ofa ya kweli tutaijuaje?*

Msipitie linki. Fungueni programu ya kampuni mliyokwisha kuwa nayo, au menyu ya bando mnayoipiga siku zote, au pigeni namba ya huduma kwa wateja mliyoizoea, si ile iliyoandikwa ndani ya meseji. Ofa ya wateja wote itaonekana huko. Isipoonekana, mjue haipo.

Waliokwisha bonyeza: ukifungua tu na kufunga, kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Ukiruhusu arifa, zizime kwenye mipangilio ya kivinjari. Ukiacha namba yako, tarajia simu za "umeshinda", usizijibu. Ukisakinisha programu, zima intaneti ya simu hiyo, iondoe programu, kisha piga benki ukitumia simu nyingine. Ukitoa zile tarakimu 6, ingia tena WhatsApp kwa namba yako sasa hivi, tapeli atatolewa, halafu weka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti.

Walioileta humu naomba waifute kwa kila mtu. Ikishindikana kwa kuwa muda umepita, jibuni juu ya meseji yenyewe kwamba ni ya uongo, ili babu akipandisha juu aikute na jibu lake. Shangazi, wewe nakupigia jioni tuangalie pamoja ile programu uliyosema imetokea kwenye simu.