Choo cha kumwagia maji: je, ni lazima ndoo nzima?

"Fundi alituambia choo chetu cha kumwagia kitafanya kazi kwa lita mbili za maji. Sisi tunamwaga nusu ndoo na wakati mwingine uchafu unabaki. Nani mkosefu, fundi au choo?"

Lita 2 zinatosha, na lita 1.5 pia hutosha, ikiwa kiwiko kilicho chini ya sinki kimetengenezwa kwa ajili ya kumwagia kwa kopo. Nusu ndoo ikishindwa, mara nyingi kosa liko kwenye kiwiko hicho au kwenye mkono unaomwaga. Sinki lenyewe halina hatia.

Wengi huamini kwamba maji mengi ya choo ni ya kusafisha sinki, na imani hiyo imetoka kwenye choo cha tangi. Tangi la kawaida hutoa lita 6 hadi 9 kila likivutwa, nasi tukahitimisha kwamba kinyesi hakiondoki kwa chini ya hapo. Lakini sehemu kubwa ya maji yale yana kazi nyingine. Kwanza yanavuka kizibo kirefu cha maji, yaani maji yanayobaki kwenye pindo chini ya sinki, kisha yanasukuma uchafu katika bomba la mita nyingi hadi kwenye mfereji wa mtaa. Nyumba isiyo na mfereji ina shimo lake mita 2 au 3 kutoka kwenye sinki. Safari ndefu haipo, basi na maji ya safari hayahitajiki. Kilichobaki ni kuvuka kizibo tu, na hapo ndipo ufundi wote ulipo.

Kiwiko, ambacho mafundi wengi hukiita trapu, ni njia inayoshuka, inapinda, kisha inapanda kidogo kabla ya kumwaga. Maji hubaki kwenye pindo hilo na kuziba hewa chafu na mbu wasitoke shimoni. Tazama beseni lililojaa maji, katikati pamesimamishwa ubao ambao ukingo wake wa chini umezama kidogo tu. Sasa chukua nazi inayoelea upande mmoja na uipitishe chini ya ubao iibukie upande wa pili. Ubao ukizama kwa upana wa kidole, unaibonyeza nazi kidogo na imeshapita. Ukizama vidole vitatu, itabidi uisukume chini zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na ukilegeza mkono kabla haijavuka, inarudi ulikoanzia.

Kinyesi hufanya vivyo hivyo, na mkono unaobonyeza ni maji uliyomwaga. Trapu za vyoo vya tangi huwa na kizibo chenye kina cha milimita 50 au zaidi. Kiwiko cha choo cha kumwagia hutakiwa kiwe na milimita 20, kwenye njia ya upana wa milimita 70 hadi 75. Huo ndio uamuzi uliowafikisha wasanifu wa India kwenye lita 2, pamoja na sinki lenye mteremko mkali wa nyuzi 25 hadi 30 ili kinyesi kiteleze chenyewe. Vyoo vya mashimo mawili vilivyoenezwa na shirika la Sulabh, lililoanzishwa Bihar mwaka 1970 na Bindeshwar Pathak, vimejengwa juu ya hesabu hiyo.

Kupima kizibo chako ni rahisi. Mwaga maji, subiri yatulie, kisha chukua waya mgumu na upinde ncha yake iwe kama ndoana. Ingiza ndoana kwenye kiwiko hadi ishike ukingo wa juu wa njia, pale unapozama majini, kisha weka alama kwenye waya mahali uso wa maji unapogusa. Umbali kutoka ndoana hadi alama ndio kizibo. Ukipata milimita 50, umeuziwa trapu ya choo cha tangi, na hapo nusu ndoo ni haki yako. Ukipata 20 na bado uchafu unabaki, chunguza ikiwa kiwiko kiliinamishwa wakati wa kufunga. Kikiinamia nyuma, kizibo huongezeka. Kikiinamia mbele, hupungua au hupotea kabisa, na harufu ndiyo itakayokueleza. Kosa jingine ni saruji iliyodondokea ndani siku ya ujenzi na kukauka. Uso wake wa kukwaruza hushika karatasi na nywele.

Kisha kuna namna ya kumwaga. Lita 2 zinazochuruzika polepole hupita juu ya uchafu na kuuacha. Lita zilezile zikimwagwa kwa mkupuo mmoja, kwa kopo lenye mdomo mpana, zikielekezwa nyuma ya sinki ambako mteremko unaanzia, hufika kwenye kiwiko zikiwa fungu moja lenye nguvu. Kulowesha sinki kwa kikombe kimoja cha maji kabla ya kulitumia husaidia kuliko kuongeza lita nzima baadaye, kwa sababu kinyesi hakigandi kwenye uso uliolowa. Maji ya kufulia yanafaa kabisa, mradi mchanga umetuama kwanza.

Kumwaga maji mengi kuna gharama nyingine, nayo iko shimoni. Chukua familia ya watu 6, kila mmoja akienda haja kubwa mara moja na ndogo mara nne kwa siku. Kwa lita 2 kila haja kubwa na nusu lita kila haja ndogo, hiyo ni lita 24 kwa siku. Ongeza mkojo na maji ya kutawadha, shimo linapokea kama lita 40. Shimo la duara la upana wa mita 1, lenye maji hadi kimo cha mita 1, lina ukuta wa takriban mita za mraba 3. Udongo wa tifutifu hukadiriwa kunyonya lita 20 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani kama lita 60. Shimo linapumua. Familia hiyohiyo ikimwaga lita 10 kila mara, ni lita 300, na shimo linajaa maji huku kinyesi kikiwa kidogo chini. Gari la kunyonya linaitwa, linalipwa, na baada ya muda mfupi hali ni ileile.

Makadirio hayo hayafai kila mahali. Mfinyanzi mzito hunyonya nusu ya hapo au chini zaidi, na hata lita 40 zitaulemea. Bomba likiwa refu, tuseme mita 8, lita 2 zitauacha uchafu njiani hata kama kiwiko ni sahihi. Kizibo cha milimita 20 pia hukauka haraka nyumba ikifungwa wakati wa joto; kabla ya kusafiri, jaza kiwiko na ufunike sinki. Na wanaojisafisha kwa magunzi au mawe wasitumie choo hiki, kwani hakuna kiasi cha maji kitakachovipitisha.

Yapo pia masinki ya plastiki ya SATO, yaliyobuniwa kwanza kwa ajili ya Bangladesh na sasa yanauzwa Tanzania, Kenya na Uganda. Badala ya kiwiko yana kifuniko chenye uzito upande mmoja: maji na kinyesi vikikigandamiza kinafunguka, kisha kinajirudisha. Kwa kuwa hakuna pindo la kuvuka, chini ya lita moja hutosha. Udhaifu wake ni mchanga na karatasi zinazokwama kwenye ukingo. Kifuniko kikibaki wazi hata kwa upenyo mdogo, nzi hupita, kwa hiyo kiguse kwa kijiti kila unaposafisha uone kama kinarudi hadi mwisho.