Meza Moja, Hesabu Tatu: Dhana Potofu Kuhusu Pato la Taifa

Wanafunzi wengi huikariri fomula ya pato la taifa wiki ya kwanza, kisha hukosea maswali ya mtihani kwa sababu hawajajua kinachopimwa ni nini hasa. Pato la taifa, kwa maana ya pato ghafi la ndani, ni thamani ya bidhaa na huduma za mwisho zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka au robo mwaka. Ni kipimo cha uzalishaji. Si kipimo cha utajiri, wala cha fedha zinazopita mikononi mwa watu. Karibu kila dhana potofu iliyo hapa chini inazaliwa pale mtu anaposahau hilo.

Dhana: Pato la taifa ni jumla ya mauzo yote nchini

Tuchukue meza moja ya mbao, kwa namba tupu zisizo na sarafu. Mvuna magogo anakiuzia kiwanda cha mbao magogo ya 40. Kiwanda kinayapasua na kumuuzia seremala mbao za 70. Seremala anatengeneza meza na kuiuza kwa familia moja kwa 120.

Ukijumlisha mauzo yote unapata 230. Lakini meza iliyopatikana ni moja, na thamani yake ni 120. Ziada ya 110 imetoka wapi? Thamani ya magogo imo ndani ya bei ya magogo, imo tena ndani ya bei ya mbao, na imo mara ya tatu ndani ya bei ya meza. Ndiyo maana wataalamu wa takwimu hutumia thamani iliyoongezwa: mauzo ya mzalishaji, ukiondoa vitu alivyonunua kwa wengine na kuvimaliza katika uzalishaji. Mvuna magogo ameongeza 40 (tukichukulia hakununua chochote), kiwanda 30, seremala 50. Jumla ni 120.

Kuna jaribio dogo linalothibitisha kwamba mauzo hayafai kuwa kipimo. Tuseme mwenye kiwanda na seremala wameungana wakawa kampuni moja. Mauzo ya mbao kati yao hayapo tena, kwa hiyo jumla ya mauzo inashuka kutoka 230 hadi 160, ilhali hakuna kilichobadilika karakanani. Thamani iliyoongezwa inabaki 120 ileile.

Jihadhari na msumeno wa mashine. Seremala akinunua msumeno mpya, bei yake haiondolewi kwenye hesabu yake kama inavyoondolewa ya mbao, kwa sababu msumeno hauishi ndani ya meza moja. Utatumika miaka kadhaa. Huo ni uwekezaji. Wanaouondoa pamoja na mbao hupata pato dogo kuliko ilivyo, na ni kosa linalojirudia sana kwenye majibu ya mtihani.

Dhana: Kuna pato la taifa la aina tatu, unachagua moja

Njia ni tatu, lakini kinachopimwa ni kimoja. Kwa njia ya uzalishaji tumepata 120 kwa kujumlisha thamani iliyoongezwa. Kwa njia ya matumizi, tunaangalia aliyenunua kitu cha mwisho: familia imetoa 120. Kwa njia ya mapato, tunauliza ile 120 iliishia kwa nani. Tuseme mishahara ya wafanyakazi ilikuwa 18 msituni, 12 kiwandani na 25 karakanani, yaani 55. Iliyobaki, 65, ni faida na mapato ya wenye biashara, kodi zinazotozwa kwenye uzalishaji, na fungu la kufidia uchakavu wa mashine. Jumla inarudi kuwa 120.

Na kama meza haikuuzwa hadi mwaka ukaisha? Bado imezalishwa mwaka huo, kwa hiyo inaingia kwenye uwekezaji kama ongezeko la bidhaa ghalani. Ikiuzwa mwaka unaofuata kwa bei hiyohiyo, matumizi ya kaya yanapanda kwa 120 na bidhaa ghalani zinashuka kwa 120, hivyo pato la mwaka huo wa pili halisogei.

Katika takwimu halisi njia hizi hazilingani hivyo. Takwimu za viwanda, za kaya na za kodi hukusanywa kwa dodoso na kumbukumbu tofauti, na kila moja ina mapengo yake. Nchi nyingi huonyesha pengo hilo wazi katika mstari unaoitwa tofauti ya kitakwimu, na ukikuta jedwali lenye mstari huo usidhani limeharibika.

Dhana: Bidhaa zinazoagizwa kutoka nje hupunguza pato la taifa

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na chanzo chake ni ile alama ya kutoa iliyo kwenye fomula:

```
Y = C + I + G + (X - M)
```

Y ni pato la taifa, C matumizi ya kaya, I uwekezaji, G matumizi ya serikali kwa bidhaa na huduma, X mauzo ya nje, na M bidhaa na huduma zilizoagizwa. Mtu anaona M imetanguliwa na alama ya kutoa, anahitimisha kwamba kila kinachoagizwa kinakula pato. Hata kurasa za biashara za magazeti huandika hivyo.

Turudi karakanani. Safari hii seremala anatumia, pamoja na mbao za 70, skrubu na vanishi za 10 zilizotoka nje ya nchi, na bei ya meza ni ileile 120. Thamani aliyoongeza sasa ni 120 − 70 − 10, yaani 40. Ndani ya nchi imeongezwa 40 + 30 + 40 = 110. Kwa upande wa matumizi, familia imelipa 120 na fedha hiyo yote imeandikwa kwenye C, ikiwamo 10 ambayo haikuzalishwa nchini. Tukitoa M ya 10 tunapata 110. Kwa hiyo M inafuta kitu ambacho tulishakiingiza kimakosa kwenye C. Haigusi kilichozalishwa nchini.

Ukitaka kujihakikishia, mwache seremala aagize skrubu nyingine za 10 na kuziweka tu stoo. Bidhaa ghalani zimeongezeka kwa 10, kwa hiyo I imepanda kwa 10; M nayo imepanda kwa 10. Jibu ni sifuri.

Uagizaji unaweza kuja pamoja na kushuka kwa pato, kwa mfano kiwanda cha skrubu cha ndani kikifungwa kwa kukosa wateja. Hapo kilichoshusha pato ni kiwanda kusimama. Hoja hiyo inahitaji ushahidi wake. Haiwezi kuthibitishwa kwa kuinyooshea kidole alama ya kutoa.

Dhana: Fedha yoyote ikibadilisha mikono, pato limeongezeka

Familia ikiiuza meza ileile miaka miwili baadaye, bei ya mauzo hayo haiingii kwenye pato, kwa kuwa meza ilishahesabiwa mwaka ilipotengenezwa. Dalali akilipwa kamisheni, kamisheni hiyo inaingia: ni huduma mpya. Pensheni na ruzuku kwa kaya maskini hazimo kwenye G kwa sababu hiyohiyo. Serikali imehamisha fedha, haijanunua huduma. Kununua hisa za zamani, vivyo hivyo.

Dhana: Biashara isiyo rasmi haihesabiwi

Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinataka ihesabiwe. Hata uzalishaji haramu, kikanuni, uko ndani ya mpaka wa vitu vinavyohesabiwa. Shida ni upimaji: mchuuzi asiye na leseni wala vitabu vya hesabu hukadiriwa kupitia tafiti za kaya na za nguvukazi, na makadirio hayo huchakaa yasipofanywa upya. Nijeria ilipohamisha mwaka wake wa kizio, yaani mwaka ambao bei na muundo wa uchumi wake ndio msingi wa hesabu, kutoka 1990 hadi 2010, mabadiliko yaliyotangazwa Aprili 2014, pato la mwaka 2013 lilipanda kwa takriban asilimia 89. Kipimo cha zamani kilikuwa kimeyapa uzito mdogo mno mambo kama mawasiliano ya simu, na kuiacha kabisa tasnia ya filamu. Hakuna aliyeamka tajiri asubuhi hiyo.

Dhana: Kisicholipiwa hakimo, kinacholipiwa kimo

Hapa mambo si rahisi hivyo, na mpaka wenyewe una mikunjo. Seremala akijitengenezea meza ya nyumbani kwake, meza hiyo kikanuni inahesabiwa: bidhaa mtu anazojizalishia mwenyewe zimo ndani ya mpaka, na hukadiriwa kwa bei ya soko ya bidhaa kama hizo. Akiipangusa vumbi kila siku na kupika chakula kinacholiwa juu yake, hakuna kinachohesabiwa, kwa sababu huduma za nyumbani zisizolipwa zimeachwa nje. Akimwajiri mtu afanye kazi hizohizo, mshahara wake unaingia.

Kuna huduma moja isiyolipiwa iliyopewa nafasi: makazi. Mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe huhesabiwa kana kwamba anajilipa kodi ya pango, inayokadiriwa kwa kodi ya nyumba zinazofanana nayo. Bila hivyo, wapangaji wote wakinunua nyumba wanazopanga, pato lingeporomoka ingawa watu wanalala pale pale.

Kwa nini basi hoja hiyo haitumiki kwa kupika na kulea watoto? Kanuni zinatoa sababu: kazi hizo hazina bei ya soko ya kuaminika, thamani yake ingekuwa kubwa kiasi cha kuficha mawimbi ya uchumi wa soko ambayo watunga sera wanayafuatilia, na karibu kila mtu mzima angehesabika ameajiriwa, hivyo takwimu za ukosefu wa ajira zingepoteza maana. Sababu ya mwisho ina nguvu. Ile ya bei haina nguvu sana, maana kodi ya pango ya kukadiria nayo ni ya kubuni. Simon Kuznets, aliyeongoza makadirio ya pato la taifa yaliyowasilishwa kwenye Seneti ya Marekani mwaka 1934, alionya mapema kwamba ni vigumu kuusoma ustawi wa taifa kutoka kwenye kipimo hicho.

Ugumu wa bei unaonekana ukijaribu hesabu. Mtu anayefanya kazi za nyumbani saa 28 kwa wiki, ukimthamini kwa ujira wa mfanyakazi wa ndani wa 2 kwa saa, amezalisha 56. Ukimthamini kwa ujira wa 5 ambao angeupata ofisini kwake, amezalisha 140. Chungu ni kilekile, makadirio yametofautiana mara mbili na nusu. Nchi zinazofanya hesabu hii huiweka kwenye akaunti za pembeni, na hutaja njia iliyotumika.

Dhana: Neno «ghafi» ni mapambo tu

Ghafi maana yake uchakavu haujatolewa. Ikiwa katika kutengeneza meza mashine za wote watatu zimechakaa kwa 15, pato linalobaki baada ya kutoa uchakavu ni 105 kwenye ule mfano wa 120. Msitu wa asili ni jambo jingine. Mvuna magogo amehesabiwa 40 kama aliyeongeza thamani, lakini miti aliyoikata haikutolewa popote kwenye pato ghafi. Akiufyeka msitu wote mwaka huu, pato la mwaka huu litapanda. Mwaka ujao hatakuwa na magogo ya kuuza, na hapo ndipo upungufu utaonekana kwenye takwimu kwa mara ya kwanza.