Diski mpya imefika, mbovu bado iko mezani: dhana potofu na ukweli

Diski ya kompyuta ikifa ndani ya waranti, baadhi ya watengenezaji hukuachia uchague. Unaweza kutuma mbovu kwanza, wakaipokea na kuikagua, ndipo wakuletee nyingine. Au wao watume nyingine kwanza, uwape namba ya kadi ya benki kama dhamana, nawe urudishe mbovu baadaye. Njia ya pili ndiyo watu wanayoilipia mara mbili.

Dhana: "Pesa zilizuiwa kwenye kadi, kisha zikaachiwa. Basi yameisha."

Hayajaisha. Kuzuia si kukata. Kampuni huiomba benki ishikilie kiasi fulani ili ijue kwamba kadi yako inafanya kazi na ina kitu. Benki haishikilii milele. Aghalabu huachia baada ya siku chache au wiki moja hivi, hata kama diski mbovu haijaondoka nyumbani kwako. Deni la kuirudisha linabaki palepale, na namba ya kadi bado wanayo.

Tuseme Asha anaishi Columbus, Ohio, na diski yake ina thamani ya dola 180. Tarehe 3 Machi anaomba abadilishiwe kwanza, kwa sharti la kurudisha mbovu ndani ya siku 30. Anatumia kadi ya akaunti yake ya kawaida yenye dola 240, kwa hiyo zinabaki 60 za kutumia, na bili ya umeme ya siku hiyo inagoma. (Ndiyo maana kadi ya mkopo inafaa zaidi hapa: kinachobanwa ni kikomo cha mkopo, si hela ya matumizi.) Tarehe 8 diski inafika. Tarehe 11 dola 180 zinaonekana tena kwenye akaunti, naye anaisahau ile mbovu. Anakuja kuipeleka posta tarehe 30, inapokelewa ghalani tarehe 4 Aprili. Mwisho ulikuwa tarehe 2. Tarehe 5 anakatwa 180, na safari hii ni kukatwa kweli.

Dhana: "Muhimu ni kuituma kabla ya siku ya mwisho."

Inategemea masharti yameandikwaje. Wengine huhesabu siku kifurushi kilipoingizwa kwenye mfumo wa msafirishaji, wengine siku kilipopokelewa ghalani kwao. Soma pia siku zinaanza lini: ulipoomba, walipotuma, au ulipopokea. Ukiona hutawahi, waandikie kabla ya tarehe kupita. Kuongezewa siku ni rahisi kuliko kudai pesa zilizokwisha kukatwa.

Dhana: "Risiti ya posta inatosha."

Risiti inathibitisha kwamba ulituma kifurushi. Haisemi ndani mlikuwa na nini. Diski mbili za aina moja zikiwa mezani zinafanana kabisa, na wapo watu waliorudisha ile nzima. Ghala linakagua namba iliyo mbele ya S/N kwenye stika. Isipolingana na ile uliyoandikisha, kwao diski mbovu haijarudi. Basi piga picha ya stika hiyo, kisha picha ya diski ikiwa ndani ya boksi, na namba ya RMA, yaani ya ruhusa ya kurudisha bidhaa, waliyokupa iandike nje ya boksi. Tunza namba ya kufuatilia mzigo mpaka wakuandikie kwamba dai limefungwa.

Ukikatwa licha ya hayo yote, anza na kampuni yenyewe: wape picha na siku mzigo ulipopokelewa. Benki iwe hatua ya pili. Wanaokimbilia benki mapema wanaweza kukuta dai la waranti limesimama mpaka mgogoro wa malipo uishe.

Dhana: "Kubadilishiwa kwanza ni bora siku zote."

Ni bora pale diski inaposomeka kwa kusuasua, kwa sababu unapata muda wa kuhamisha mafaili kabla ya kuiachia. Ila huduma hiyo haipatikani kila nchi. Wengi wetu tuna diski iliyonunuliwa Marekani au Dubai na ndugu, ikaletwa Dar au Mombasa. Ndugu akiomba huko abadilishiwe kwanza, saa inaanza kuhesabu wakati mbovu iko Temeke inasubiri mtu anayesafiri. Hapo mimi ningeituma mbovu kwanza, hata kama nitangoja wiki kadhaa, maana kadi ya mtu haimo hatarini.

Mpya nayo ikitumwa moja kwa moja Afrika Mashariki, forodha huangalia thamani ya kitu. Kwamba wewe hukulipia si hoja. Waombe watumaji waandike kwenye ankara kuwa ni mbadala wa waranti, pamoja na namba ya diski ya zamani, kisha uliza mapema kama utatozwa ushuru. Kwa diski ya bei ndogo, nauli na ushuru vikijumlishwa vinaweza kukaribia bei ya kununua nyingine dukani.