Q imekataa modeli yangu. Imekataa nini hasa?

Mhasibu wa sacco moja ya matatu zinazopanda na kushuka kati ya jiji na Rongai alinipigia simu Jumanne moja asubuhi. "Mwalimu," akasema, "utabiri wenu ni mzuri, lakini kila Jumatatu unatunyima watu." Tulikuwa tumewatengenezea modeli ya kukisia idadi ya abiria wa kesho ili wajue magari mangapi yatoke. Jumatatu modeli ilisema abiria hawatafika hata 2,000. Wakaja karibu 2,400, na foleni ya stejini ikafika barabarani.

Nilimuuliza kijana tunayefanya naye kazi kama alikuwa ameyapima masalio. Alikuwa amepima, tena akanionyesha:

```r
Box.test(masalio)
# p-value = 0.777
```

Kwa hiyo kwake modeli ilikuwa safi. Hapo ndipo tulipoanzia, na nadhani wengi wanaotumia jaribio hili la masalio, ambalo kipimo chake huitwa Q, huanguka papo hapo.

Nieleze kwanza kinachopimwa. Masalio ni kile kinachobaki ukitoa makisio ya modeli kwenye idadi halisi ya kila siku. Modeli ikiwa imenyonya kila mpangilio uliomo kwenye data, masalio yanapaswa kuwa kelele nyeupe: salio la leo lisikuambie lolote kuhusu la kesho, wala la wiki ijayo. Basi unachukua masalio, unayasogeza nyuma siku moja, unatafuta uwiano wake na yale ya awali, unaupata r1. Unasogeza siku mbili, unapata r2. Idadi ya siku ulizosogeza ndiyo lagi. Ukiwa na siku n, r mojamoja hutarajiwa kuwa ndani ya takriban 2/√n kila upande wa sifuri. Data zetu zilikuwa za siku 200, kuanzia 15 Juni hadi 31 Desemba, kwa hiyo mipaka ilikuwa kama 0.14.

Shida ya kuzitazama r moja baada ya nyingine ni kwamba ukitazama ishirini, moja itavuka mpaka kwa bahati tu. George Box na David Pierce, mwaka 1970, walipendekeza zikusanywe zote kwenye namba moja. Mwaka 1978 Greta Ljung na Box wakairekebisha fomula kwa sababu ile ya kwanza ilitoa namba ndogo mno kwenye data chache, ikawa haikatai inapopaswa kukataa. Hii ndiyo tunayoitumia:

```
Q = n(n+2) × [ r1²/(n-1) + r2²/(n-2) + ... + rh²/(n-h) ]
```

Jina lake, jaribio la potimanto, limetokana na neno la Kifaransa la sanduku la safari, lile la kutupia kila kitu ndani. Jina limelingana na kazi. Q ni sanduku lililofungwa: unaweza kulipima uzito, lakini mzani haukuambii ndani mna nini.

Uzito huo unalinganishwa na mgawanyo wa kai-mraba wenye digrii za uhuru h, yaani idadi ya lagi, toa idadi ya vigezo vya AR na MA ulivyokadiria, vile vinavyoiunganisha siku ya leo na zilizopita. Sababu ya kutoa ni kwamba vigezo hivyo vilichaguliwa makusudi ili kupunguza r za mwanzo. Modeli yetu ilikuwa AR(1), inayokisia kesho kwa kuitazama leo tu, na kazi yake hasa ni kuua r1. Sasa irudie ile amri ya kijana. Usipoiambia kitu, `Box.test` hutumia lagi moja tu, fomula ya zamani ya Box na Pierce, na haitoi kigezo chochote. Yaani aliiuliza AR(1) swali moja tu ambalo tayari ilikuwa imepewa jibu lake. Na ukifanya hesabu kwa uaminifu, 1 toa 1 ni digrii sifuri za uhuru. Hakuna kai-mraba ya kulinganisha nayo hata kidogo. Ile 0.777 haikuwa na maana yoyote.

Nikamwambia aende hadi lagi 5. Q ikawa 2.67 kwa digrii 4, thamani ya p kama 0.61. Bado safi! Lakini hizi ni data za kila siku, na maisha ya abiria wa Nairobi huzunguka kwa wiki. Lagi 5 haifiki hata wiki moja. Kwa data za namna hii mimi huchukua walau mizunguko miwili, yaani 14, na huamua hivyo kabla ya kuona matokeo. Anayejaribu 5, kisha 8, kisha 10 hadi apate p ya kumpendeza hapimi kitu.

```r
Box.test(masalio, lag = 14, type = "Ljung-Box", fitdf = 1)
```

Q ikaruka hadi 46.3. Kwa digrii 13, mpaka wa asilimia 5 ni 22.36. Jaribio likakataa, wala si kwa kubahatisha.

Kijana akasema, "Basi tuongeze oda, tuweke AR(2)." Hapo nikamzuia. Kilichokataliwa ni dhana moja tu, kwamba masalio ni kelele nyeupe. Jaribio halikusema oda ni ndogo. Halikusema AR ni aina mbaya ya modeli, wala halikusema utabiri wote utupwe. Limesema kuna mpangilio uliobaki mahali fulani katika lagi hizi 14. Kujua ni mpangilio gani, fungua sanduku.

Tulipolifungua, r7 ilikuwa 0.31 na r14 ilikuwa 0.26. Hizo mbili peke yake zilichangia 34.8 kati ya ile 46.3, robo tatu nzima. Lagi 6, 8 na 13 zilikuwa hasi, −0.11, −0.12 na −0.10, ambazo kila moja haivuki mpaka lakini ziko pembezoni mwa 7 na 14 kama vivuli. Nyingine zote zilikuwa ndogo, hata r2, ambayo ndiyo AR(2) ingeishughulikia: 0.06.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba r14 haikushuka sana kutoka r7. Kama wiki hii ingekuwa inairithi wiki iliyopita kwa nguvu ya 0.31, basi baada ya wiki mbili ungetarajia 0.31 mara 0.31, karibu 0.10. Sisi tulikuwa na 0.26. Uwiano unaokaa palepale kila baada ya siku saba ni alama ya kitu kisichobadilika kinachorudi siku ileile ya wiki. Ni ratiba, si kumbukumbu.

Tukapanga masalio kwa siku za wiki na kutafuta wastani. Jumapili: chini kwa abiria 820 hivi. Jumatatu: juu kwa 440 hivi. Siku nyingine tano: juu kidogo, kama 77 kila moja.

Hapo malalamiko ya mhasibu yakapata maelezo. Siku za kawaida njia ile hubeba kama 2,400, Jumapili kama 1,500, na wastani wa wiki ni 2,271. AR(1) yetu ilikuwa na kigezo cha 0.40. Jumapili jioni modeli inaona 1,500, inadhani kuna mdororo, inapeleka asilimia 40 ya pengo hilo kesho yake: 2,271 toa 308, sawa na 1,963. Haijui kwamba watu walikuwa kanisani na nyumbani, na kwamba Jumatatu wanarudi kazini kama kawaida. Kosa ni moja lakini linaonekana mara mbili, hasi Jumapili na chanya Jumatatu, na ndiyo sababu ya vile vivuli hasi pembeni mwa 7 na 14.

Tungeongeza oda hadi AR(7), huenda Q ingenyamaza. Lakini tungekuwa tumetumia vigezo saba kujifunza Jumapili kutoka kwa Jumapili iliyopita, na mvua kubwa ya wiki jana ingehamia wiki hii bila sababu. Tukaweka kiashiria badala yake, 1 Jumapili na 0 siku nyingine:

```r
m2 <- arima(abiria, order = c(1,0,0), xreg = jumapili)
Box.test(residuals(m2), lag = 14, type = "Ljung-Box", fitdf = 1)
```

Angalia kwamba `fitdf` imebaki 1. Kigezo cha Jumapili hakitolewi kwenye digrii za uhuru. Ni vya AR na MA tu. Q ikawa 12.3, p kama 0.50.

Namba za modeli yenyewe nazo zilisogea. Kigezo cha AR kilipanda kutoka 0.40 hadi 0.55, kwa sababu mbonyeo wa kila Jumapili ulikuwa unakivuta chini. Mkengeuko wa masalio ulishuka kutoka 630 hadi 510. Kwa sacco maana yake ni kwamba mipaka ya utabiri wa asilimia 95 ilipungua kutoka abiria 1,235 hivi kila upande hadi 1,000. Kwa hiyo modeli iliyokataliwa ilikuwa na makosa matatu: kigezo kilichopotoka, mipaka mipana kuliko inavyostahili siku za kazi, na kitovu kilichokaa pabaya Jumapili na Jumatatu. Utabiri wa Jumatano wala haukuwa mbaya kihivyo.

Niongeze tahadhari moja kwa wenye data nyingi. Ukiwa na rekodi 20,000, r moja ya 0.04 peke yake huongeza kama 32 kwenye Q, na jaribio la lagi 14 litakataa. Uwiano wa 0.04 hautabadilisha hata gari moja stejini. Hapo tazama ukubwa wa r zenyewe kabla ya kuanza kuibomoa modeli.

Na kwa upande wa pili, ile p ya 0.50 haikutupa cheti. Nilipochora masalio ya `m2`, siku nne zilikuwa zimeanguka shimoni: 20 Oktoba, 12 Desemba, Krismasi na siku inayofuata. Sikukuu chache zilizotawanyika hazijengi uwiano wa kujirudia kwenye lagi yoyote kati ya hizo 14, kwa hiyo Q haizioni. Tena makosa makubwa ya pekee hukuza kigawanyo cha kila r na kuzifanya zote zionekane ndogo. Mhasibu alizikumbuka bila hesabu yoyote. "Mashujaa na Jamhuri ni Jumapili tu, mwalimu," akasema, nasi tukazipa ile namba 1.