Ulinganifu wa vyeti: kwa nini B+ ya Kenya haimfikishi mtu moja kwa moja darasani Kampala

Tuseme binti wa Kisumu amepata B+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Kwao alama hiyo inamtosha kuomba shahada, kwa sababu kiwango cha chini ni C+. Anaomba chuo Kampala, anaambiwa alete barua ya ulinganifu. Hapo wengi hudhani alama zao zimedharauliwa. La hasha. Kinachopimwa kwanza ni ngazi ambayo cheti kimemfikisha mtu. Alama huangaliwa baadaye.

Hesabu ya miaka inaeleza sehemu kubwa. Katika mfumo wa 8-4-4, Mkenya husoma miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari, jumla 12, kabla ya chuo. Mganda husoma 7, kisha 4, kisha 2 ya kidato cha tano na sita: jumla 13. Ile miwili ya mwisho hutumika kuzama katika masomo machache, na chuo humtaka awe amefaulu angalau mawili kati ya hayo. Tanzania nayo ina kidato cha tano na sita.

Kenya haikuuacha mwaka huo unaopungua upotee. Ilipofuta kidato cha tano na sita, shahada nyingi ziliongezwa kutoka miaka 3 hadi 4, na mwaka wa kwanza wa chuo ukabeba sehemu ya kazi hiyo. Pengo linaonekana mtu anapovuka mpaka, maana shahada nyingi za Uganda ni za miaka 3 na mhadhiri huanzia pale kidato cha sita kilipoishia. Ndiyo maana mwenye KCSE huelekezwa kwenye kozi ya matayarisho kabla ya shahada. Naona ni haki, ilimradi aambiwe mapema, kabla hajalipa ada na kupanga chumba. Mtaala mpya wa Kenya hauondoi pengo hilo, kwani miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya juu bado ni 12.

Barua yenyewe hutolewa na baraza la mitihani la nchi unakokwenda: UNEB kwa Uganda, NECTA kwa Tanzania, KNEC kwa Kenya. Usiichanganye na uhakiki. Uhakiki hujibu kama cheti ni halali, na jibu hilo hutoka kwa aliyekitoa, yaani KNEC kwa huyu binti. Ulinganifu hujibu kina thamani gani ugenini. Udahili ni uamuzi wa chuo, na barua ya ulinganifu hailazimishi chuo kukupokea.

Kinachokwamisha maombi mara nyingi ni majina. Cheti kina majina mawili, pasi ina matatu, au herufi moja imepinda. Linganisha hati zako zote kabla ya kutuma, na kama zinatofautiana, pata hati ya kiapo kwanza.