Kuijua nywila yako ya zamani si kuingia kwenye simu yako

Wiki hii nimeletewa tena ile barua pepe ya vitisho inayodai pesa, pamoja na ile kauli ya aliyeipokea: "Kaniandikia nywila yangu mwenyewe, basi huyu mtu yumo ndani ya simu." Hayumo, yakhe. Anachokijua ni nywila moja uliyowahi kuitumia mahali fulani, na mahali hapo karibu kila mara si kwenye simu yako. Nitaeleza kwa nini, maana naona watu wanatetemeka kwa jambo lisilokuwepo na kuliacha wazi jambo lililopo.

Barua yenyewe mnaijua. Juu kabisa kuna nywila, na kweli ni yako. Chini yake anadai kwamba aliweka kirusi kwenye kompyuta yako ulipotembelea tovuti za ngono, akawasha kamera, akakurekodi, akachukua orodha ya jamaa zako wote. Anataka dola mia kadhaa, pengine elfu moja na ushei, kwa bitkoini, ndani ya saa 24 au 48. Na anasisitiza usimwambie mtu. Hilo la mwisho ndilo injini ya barua nzima. Kwetu hapa mtu yuko tayari kuuza cherehani ya mama yake kuliko jina lake litajwe barazani, na siri ikikaa kifuani siku mbili inavimba. Ukimwonesha mtu mmoja tu anayejua mambo haya, barua inakufa hapo hapo.

Mnazikumbuka meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii"? Anayezituma hajui kama una deni na fundi. Anazimwaga kwa maelfu, na katika maelfu hakosekani mmoja aliyekuwa kashika simu tayari kumlipa mtu. Barua hii ni meseji ile ile. Tofauti ni kwamba mtumaji ana faili lenye safu mbili, anwani ya barua pepe na nywila, na programu inachukua mstari mmoja mmoja na kuujaza kwenye barua moja iliyoandikwa mara moja. Hajakaa kukutazama. Hata jina lako mara nyingi halijui, ndiyo maana barua haina "Bwana fulani" wala haisemi ni tovuti gani hasa uliyotembelea. Mtu mwenye video yako angekutumia sekunde tano za video hiyo.

Faili hilo limetoka wapi? Mfano unaojulikana vizuri ni LinkedIn. Iliibiwa data mwaka 2012, na nywila zake zilihifadhiwa kwa SHA-1, njia ya zamani ya kuzificha, bila chumvi, yaani bila herufi za nasibu zinazoongezwa kwenye kila nywila, kwa hiyo zile nyepesi zikavunjwa upesi. Mwaka 2016 data za akaunti zaidi ya milioni 100 zikaonekana zikiuzwa. Julai 2018 ndipo barua hizi zilipoanza kumiminika duniani zikiwa na nywila halisi ndani. Hesabu mwenyewe: nywila iliyoibiwa 2012 inamfikia mwenyewe miaka sita baadaye, na mafaili hayo bado yanazunguka. Tovuti ya Have I Been Pwned itakuonesha anwani yako imo kwenye uvujaji upi unaojulikana. Ila hapa lazima niwe mkweli: mara nyingi itakujibu "Collection #1", ambalo ni rundo lililoibuka Januari 2019 likiwa limechanganya uvujaji mwingi, na hutajua chanzo cha kwanza kilikuwa kipi. Na ikikwambia haikuoni, hiyo nayo si hati ya usalama. Kuna mafaili ambayo tovuti ile haijawahi kuyapata.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kuliko yote. "Lakini barua imetoka kwenye anwani YANGU MWENYEWE! Si ushahidi huo kwamba kaingia?"

Fikiria kifurushi kinachopakiwa boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani. Juu ya boksi kuna maandishi ya kalamu nene: "Kutoka kwa Fulani." Nani kayaandika? Aliyelifunga boksi. Angeweza kuandika jina lako, la sheha, au la waziri, na boksi lingefika Pemba vile vile. Sehemu ya `From` kwenye barua pepe ni kalamu nene hiyo. Itifaki ya kutuma barua ilibuniwa bila kuhakiki sehemu hiyo, na hakuna haja ya kuingia kwenye akaunti yako ili kuiandika. Ukaguzi ulikuja kuongezwa baadaye: SPF inauliza kama seva iliyoleta mzigo imeruhusiwa na mwenye jina la kikoa, ile sehemu ya baada ya @, DKIM inatazama muhuri, na DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini mambo yasipolingana.

Usiniamini mimi, tazama mwenyewe. Kwenye Gmail ya kompyuta fungua barua bila kubonyeza chochote kilichomo, gusa vile vidoti vitatu, chagua `Show original`. Tuchukue mwenye nyumba ya wageni Jambiani aliyepokea barua "kutoka kwake mwenyewe". Ataona kitu cha namna hii:

```
From: <info@nyumba.example>
To: <info@nyumba.example>
Return-Path: <xk41@seva-ngeni.example>
Authentication-Results: mx.google.com;
  spf=pass smtp.mailfrom=seva-ngeni.example;
  dmarc=fail header.from=nyumba.example
```

Angalia vizuri, kwa sababu hapa hata mafundi wanateleza. Wanaona `spf=pass` wanasema barua ni halali. SPF imepita kwa ajili ya `seva-ngeni.example`, yaani boksi kweli limetoka ghala lile ngeni. Jina lililoandikwa juu ni jengine, na huko kutolingana ndiko kulikoiangusha DMARC. Barua haikutoka kwenye akaunti yake. Na kama kwenye folda ya `Sent` haimo, hiyo ni dalili ya pili, ingawa ni dhaifu, kwa sababu mtu aliyeingia kweli anaweza kuifuta. Ila ukiona `dkim=pass` na `dmarc=pass` kwa jina lako mwenyewe, hapo sicheki tena. Ichukulie akaunti kuwa imeingiliwa mpaka uthibitishe vyengine.

Basi swali la kujiuliza baada ya kupumua ni moja: nywila hii niliitumia wapi, na lini mara ya mwisho? Jibu linakugawia njia mbili.

Njia ya kwanza, nywila ni ya zamani. Yule wa Jambiani ameandikiwa `Forodhani2012`. Anakumbuka kuitumia kwenye mitandao miwili mitatu miaka hiyo. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kukimbilia kubadilisha nywila ya barua pepe, ambayo haikutajwa kabisa, kisha kulala usingizi. Kubadilisha si vibaya, lakini hatari halisi iko kwengine: kuna programu zinazochukua faili lile lile na kuijaribu kila nywila kwenye mamia ya tovuti nyengine. Kwa hiyo anatafuta pote ambapo `Forodhani2012` bado inafungua mlango. Anafungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari chake, anaandika "Forodhani" kwenye kisanduku cha kutafutia akaunti (ikiwa hakipekui nywila zenyewe, anakagua mojamoja), na anagundua ukurasa wa kupokea wageni unatumia `Forodhani2016!` na akaunti ya duka la vifaa `Forodhani2024`. Hizo pia zimekwisha. Anayeijua ya kwanza akiwa na programu ya kubahatisha, kubadili mwaka na kubandika alama ya mshangao ni kazi ya kitambo kidogo tu. Zote zinabadilishwa kuwa ndefu, kila akaunti na yake, na zinatunzwa na kitunza nywila badala ya kichwa.

Barua pepe anaipa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu kama Google Authenticator badala ya meseji, maana laini inaweza kusajiliwa upya na mtu mwengine, na anachapisha zile kodi za akiba kwenye karatasi. Halafu anakagua `Forwarding and POP/IMAP` na `Filters and Blocked Addresses` kuhakikisha hakuna barua zinazonakiliwa kwenda kwengine. Hapo ndipo mvamizi wa kweli hujificha, na kubadilisha nywila hakumtoi.

Njia ya pili, nywila ni ya sasa, umeiunda mwezi uliopita na ipo mahali pamoja tu. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi, na maelezo mengi ya mitandaoni yanaipita kwa kusema "puuza, ni utapeli". Barua inaweza bado kuwa utapeli wa kumwaga, video haipo, lakini nywila imetoka kwenye chanzo kipya. Chanzo cha kawaida ni programu inayokomba nywila zote za kivinjari kwa mpigo, na huingia pamoja na Windows ya kuvunja, michezo ya bure na vile vifungulio vya Office vinavyozunguka kwenye flashi. Hapo usibadilishe nywila kwenye kompyuta hiyo hiyo, utakuwa unamkabidhi mpya. Tumia kifaa chengine, toa vifaa vyote kwenye akaunti kupitia `Your devices` kwa sababu programu hizo hubeba pia vidakuzi vya kuingilia, vinavyomweka mtu ndani ya akaunti bila kuulizwa nywila, kisha futa diski na upandishe Windows upya. Kirusi cha namna hii huweza kufanya kazi dakika moja na kujifuta, kwa hiyo antivairasi ikisema ni safi, sijui nikupe uhakika gani.

Mengine nayapita haraka. Usijibu, usifungue viambatisho. Ile "piksi", yaani picha ndogo isiyoonekana ndani ya barua, anayodai imemjulisha kwamba umesoma, hata ingekuwepo ingemwambia kuwa barua imefunguliwa na si zaidi. Usimtafute kijana "anayejua bitkoini" akusaidie kulipa, wala anayedai atakurudishia ulicholipa: huyo ni tapeli wa pili. Kama umeshalipa, au kama kakutumia picha yako halisi, au ni mtu uliyewahi kuzungumza naye kwa video, hii si barua ninayoizungumzia. Hifadhi kila kitu, usilipe tena, nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi Zanzibar pia. Kwa picha za faragha za mtu mzima, huduma ya mtandaoni ya StopNCII huzitengenezea alama ya utambulisho kwenye simu yako mwenyewe bila kuzipakia, ili mitandao inayoshiriki izizuie.

Barua zitarudi, kwa sababu faili halifutiki. Ukishahakikisha `Forodhani2012` haifungui chochote tena, fungua chaguo za utafutaji pembeni mwa kisanduku cha kutafutia cha Gmail, andika neno hilo ndani ya alama za kunukuu, bonyeza `Create filter`, chagua `Delete it`. Zile ambazo maandishi yake yote ni picha zitapenya, hizo utazifuta kwa mkono.