"Nimetupiwa jini": naandika nini kwenye faili?

Nafanya kazi kliniki ya afya ya akili hapa Mwanza na leo naongelea mgonjwa anayesema ana jini au amerogwa, na hasa ile kalamu yako inafanya nini baada ya yeye kusema hivyo. Kisa nimekibadilisha asitambulike mtu.

Dada wa miaka 30 na kitu, anauza dagaa sokoni Kirumba, kaletwa na shangazi yake. Kila wiki anapandisha, yaani anaanguka, sauti inabadilika inakuwa nzito, anadai marashi na kitambaa chekundu, dakika 20 hivi anarudi hakumbuki kitu. Zamani ningeandika mstari mmoja, "imani za kishirikina", nikamwandikia dawa basi.

Sasa hivi natumia yale maswali 16 ya utamaduni yaliyokuja na DSM-5, kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili, mwaka 2013. Siyasomi kama karani wa sensa, nayapiga kama stori. La kwanza tu linafungua mlango, unamwambia watu huwa wana namna yao ya kuelewa shida zao, inaweza isifanane na ya madaktari, wewe unaielezaje? Nikamuuliza pia ukiwa nyumbani unawaambiaje ndugu, akasema "nimetupiwa jini". Afu swali la tatu, kinachokusumbua zaidi ni nini? Nilitegemea aseme jini. Akasema, "Daktari, naanguka juu ya dagaa wangu, wateja wanakimbia, na hela ya kikoba nadaiwa." Hapo ndio nikajua pa kuanzia.

Kwa nini imekupata wewe? Mume kahamia Ukerewe kwa mke mwenza, na mwezi huohuo ndio kaanza kupandisha, kwa hiyo mke mwenza ndiye katuma. Kuna swali la ndugu wanaonaje, na hili wengi wanaliruka wakati ndilo linalokutenganishia imani na mawazo potofu ya ugonjwa wa akili. Shangazi akasema, "Sisi wote tunajua ni jini, hata bibi yake lilikuwa linampanda." Ukoo mzima unaamini hivyo, kwa hiyo kuamini peke yake sio saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia. Ingekuwa tofauti kama shangazi angesema "jini tunalielewa, ila hilo la kusema redio inamtaja jina, hapo hata sisi anatushangaza." Ndugu wakianza kushangaa, na wewe simama hapohapo.

Ila usijisahau kwenye utamaduni ukaacha udaktari. Je, anaanguka akiwa usingizini, anang'ata ulimi, anajikojolea, anaumia? Hayo yananisukuma kwenye kifafa. Yeye hapana. Nikapima malaria, sukari na VVU, vyote safi. Nikauliza pia ametibiwa wapi, bila kukunja uso, maana ukikunja tu hakwambii: kanywa kombe kwa shehe, kachanjwa chale kwa mganga na kapewa mizizi ya kuchemsha. Dua na kombe nilimwachia, mizizi nikamwomba aisitishe maana hakuna anayejua ina nini na inaweza kugongana na dawa.

Sasa faili. Sisi tunaandika Kiingereza, lakini maneno yake nayaacha kwa lugha yake ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu jini, pepo, mizimu na kurogwa sio kitu kimoja, na ukitafsiri vyote vinageuka shetani mmoja. Sehemu ya maneno yake iko hivi: "'Nimetupiwa jini.' Shangazi anakubaliana na maelezo haya. Kinachomsumbua zaidi: kuanguka kazini na deni." Chini, kwa mstari wake, maoni yangu: vipindi vinakuja bila hiari yake, nje ya ibada au ngoma, vinamharibia biashara, kwa hiyo nafikiria ugonjwa wa kupagawa, ambao kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ni namba 6B63. Sijaandika "anadai", neno hilo linamfanya muongo.

Na jina la mke mwenza halipo kwenye faili. Nimeandika "ndugu wa karibu kwa ndoa". Nilipokuwa intern niliwahi kuandika jina la jirani aliyetuhumiwa, na faili akalibeba kaka wa mgonjwa kwenda maabara, akalisoma njiani. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu ya moshi wa kuni, na mimi nimeandika jina kwenye karatasi ya hospitali yenye mhuri! Ilibidi tumwite yule kaka tuongee naye hadi jioni. Siku hizi nauliza moja kwa moja, wewe au ndugu mna mpango wa kumfanya chochote huyo mtu? Jibu naliandika. Dada alisema hapana, anataka tu mke mwenza aende mbali na hilo jini.

Tukakubaliana vikao vya kuongea kila wiki 2 na shangazi akakae na mweka hazina wa kikoba wapange deni upya. Baada ya mwezi akarudi, kapandisha mara moja tu, tena nyumbani. Anasema dua ndiyo iliyosaidia. Nikaandika hivyohivyo, na alama za kunukuu.